Laki Tatu na Nusu Iko Wapi? Hotuba kwa wahasibu wa shule kuhusu ujumbe wa kuthibitisha malipo

*Haya niliyasema kwenye kikao cha wahasibu na makatibu wa shule binafsi za wilaya yetu. Wengi hamkuweza kufika na mmeniomba maandishi, basi nayaweka yote kama nilivyoyatamka.*

Ndugu zangu wahasibu, makatibu, na walimu wakuu mliojitahidi kufika, asanteni kwa kunisikiliza.

Naomba nianze kwa kuwasomea ujumbe mmoja wa simu. Ulitumwa na shule yetu kwa mama aliyelipa ada ya binti yake. Jina la mtoto nimelibadilisha, tumwite Neema. Nitausoma mara moja tu, na nitausoma polepole. Mkisikia kiasi kilicholipwa, nyoosheni mkono.

"Ndugu Mzazi/Mlezi, habari za leo. Uongozi wa shule unapenda kukutaarifu kuwa umepokea kwa shukrani malipo uliyoyafanya kupitia benki kwa ajili ya ada ya mwanafunzi wako Neema wa kidato cha pili kiasi cha shilingi 350000.00 ambapo deni lililobaki kwa muhula huu ni shilingi 450000.00 na muamala umeingizwa katika mfumo wetu tarehe 03/04/2025 saa 14:15 kwa kumbukumbu namba SO10I7B2048. Tunakushukuru kwa kuendelea kutuamini – karibu tena."

Mmeona mikono ilivyochelewa? Kuna maneno 33 kabla ya kiasi. Nimeyahesabu. Maneno 33 mama anayapita akitafuta jambo moja: hela yangu imefika?

Huyu mama nilikuwa naye. Alisimama dirishani kwetu ameshika simu ya kitochi, anabonyeza kitufe cha kushuka, anashuka, anapanda, anashuka tena. Halafu akanipa simu akasema, "Mwanangu, nisomee, laki tatu na nusu yangu iko wapi?" Mama anajua kusoma. Tatizo halikuwa macho yake.

Sasa niwaulize. Mzazi akija na fedha taslimu mkononi, mnafanyaje? Mnazihesabu mbele yake. Noti moja moja, sauti ikisikika. Mkimaliza mnasema, "Laki tatu na nusu, nimepokea." Kisha mnaandika stakabadhi: kiasi, tarehe, namba. Hamwanzi na hotuba ya uongozi wa shule huku fedha zikiwa mezani hazijahesabiwa. Ujumbe wa kuthibitisha malipo ndio kuhesabu mbele ya aliyekupa. Hayupo dirishani, hakuoni, kwa hiyo ujumbe ndio mkono wako unaohesabu.

Nianze na kiasi.

Kwenye ujumbe wa mama Neema kuna fedha mbili: 350000.00 na 450000.00. Zinafanana umbo, zimekaa karibu, zote zimeandikwa bila mkato. Ukisoma haraka utachukua ipi? Mama alichukua ya pili. Aliona 450000 akadhani tumemwandikia zaidi ya alicholipa, akajawa na hofu kwamba amelipa ada ya mtoto wa mwingine.

Angalieni na zile sifuri mbili za mwisho. Senti hatuzitumii tena kwenye ada, lakini mfumo wa kompyuta unaziandika kwa sababu ndivyo ulivyotengenezwa. Kwenye kioo kidogo ile nukta karibu haionekani. Laki tatu na nusu inageuka milioni 35. Ondoa nukta na senti, weka mkato baada ya elfu: 350,000. Jicho la msomaji linakata tarakimu tatu tatu, na mkato unalisaidia pale pale.

Halafu kuna neno la kutanguliza. Kuna mwenzetu mmoja alinisikia nikisema kiasi kikae mbele, akaenda kuandika ujumbe unaoanza hivi: "Sh 350,000 ada ya Neema Kidato 2." Wazazi wakapiga simu wakilalamika kwamba wameshalipa, mbona wanadaiwa tena. Wana haki. Tarakimu peke yake haisemi fedha inaingia au inatakiwa. Kwa hiyo neno moja litangulie, na neno hilo ni kitenzi: *Tumepokea*. Tumepokea Sh 350,000. Kiswahili kimetupa zawadi hapa, kwani ndani ya neno moja mna nani, lini na nini. Maneno mawili, kisha kiasi. Kutoka 33 hadi mawili.

Na ile fedha ya pili, deni? Iondoke jirani na kiasi. Iende mstari wa mwisho, na iwe na jina lake mbele yake. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu kuna shule nyingi zinaandika "Salio: 450,000." Ndugu zangu, salio ni nini kwa mtu mwenye simu? Kila siku kampuni ya simu inamwandikia salio lake, na salio hilo ni fedha *yake*, fedha aliyo nayo. Leo shule inamwandikia salio, yaani fedha *anayodaiwa*. Baba mmoja alikuja kwetu muhula wa pili ametulia kabisa, hakuleta kitu, akasema ana salio la laki mbili shuleni, tumkatie humo. Alikuwa na ujumbe wetu mkononi. Ilikuwa vigumu sana kumweleza, na ilikuwa aibu kwake mbele ya watu, aibu ambayo tulimletea sisi. Andikeni *Deni*. Neno lina uzito, najua, lakini halina maana mbili.

Tuje kwenye tarehe. Hapa ndipo penye maumivu, nitakaa kidogo.

Mama Neema alilipa kwa wakala Jumamosi, tarehe 29 Machi 2025, saa 10:20 jioni. Shule ilikuwa imetangaza kwamba atakayelipa baada ya mwisho wa mwezi wa tatu ataongezewa shilingi 20,000. Jumapili ikapita, sikukuu ya Idd ikaingia katikati, malipo yakafika kwenye mfumo wa shule Alhamisi tarehe 3 Aprili, saa 8:15 mchana. Ujumbe ukasema nini? Ukasema 03/04/2025 saa 14:15. Ile ni tarehe ya nani? Ni tarehe ya kompyuta. Ni siku ambayo kompyuta ilijua. Mama alijua siku yake, na risiti ya wakala alikuwa nayo kwenye kanga. Lakini shule ilimwongezea shilingi 20,000, kwa sababu tarehe iliyoandikwa ndiyo iliyofanya kazi.

Kila malipo yana tarehe mbili: siku mtu aliyolipa na siku sisi tulipoingiza. Mara nyingi zinalingana, ndiyo maana hatuzioni. Siku zisipolingana ndipo ugomvi unapozaliwa. Kwenye ujumbe iwekwe siku ya kulipa, na mbele yake liandikwe neno linalosema hivyo: *Ililipwa*. Siku ya kuingiza ibaki kwenye vitabu vyetu, mzazi haimsaidii. Anayewatengenezea mfumo mwulizeni swali moja: tarehe hii inayotoka kwenye ujumbe inachukuliwa wapi? Akisema ni wakati ujumbe unapotumwa, mwambieni abadilishe, achukue ile inayokuja na taarifa ya benki. Kama benki yenu inaleta tarehe moja tu na ni ya kuingizwa, basi andikeni *Iliingizwa*, ili mzazi ajue anasoma nini, na faini msiikate kwa tarehe hiyo kabla ya kuona risiti.

Halafu namna ya kuiandika. 03/04: sisi wote humu tunasoma tarehe tatu mwezi wa nne. Lakini kompyuta nyingi zimetoka kiwandani zikipanga mwezi kwanza, Kimarekani. Mtu akibadilisha mashine ofisini, ujumbe wa Alhamisi ile unatoka 04/03/2025, na mzazi anasoma tarehe nne mwezi wa tatu, siku ambayo alikuwa hajalipa kitu. Hakuna anayeweza kugundua kwa kutazama, maana zote mbili ni tarehe halali. Mtagundua tarehe zikipita 12: mkiona 03/29/2025 kwenye ujumbe, basi jueni hata zile za kabla yake zilikuwa zimepinduka. Dawa ni kuandika mwezi kwa herufi: 29 Mac 2025. Mac, si Mar, kwa sababu ni Machi. Ago, Okt, Des. Hakuna anayeweza kuipindua.

Na saa. 14:15 ni saa ngapi kwa bibi anayemlea mjukuu? Wapo wanaojua kutoa sita, wapo wasiojua, na wapo wanaosoma 08:20 ya kompyuta kuwa saa mbili na dakika ishirini usiku au saa nane, kila mmoja kivyake. Tuandike saa yetu na sehemu ya siku: saa 10:20 jioni. Ile *jioni* ndiyo inayofunga maana, usiiache hata kidogo. Saa inasaidia hasa mzazi anapolipa mara mbili siku moja, asubuhi nusu, jioni nusu, na anataka kujua ipi imefika.

Kumbukumbu namba nitaisema kwa kifupi, kwa kuwa mnaiishi kila siku. SO10I7B2048. Isomeni kwa simu, mtu wa upande wa pili aiandike. Ile ya pili ni herufi O au sifuri? Ile ya tano ni I au moja? Mzee mmoja alinisomea mara tatu, nikaiandika namna tatu, na mfumo ukasema haipo mara tatu. Kama namba mnaitoa wenyewe, itoeni ya tarakimu tupu. Ile namba ya malipo ya serikali, mnayoiita kontrol namba, ni tarakimu 12 na huanza na 99. Hamjawahi kumsikia mtu akiuliza kama ni O au sifuri. Kisha ikateni vipande vya tarakimu nne nne: 2048 7316. Mfumo wa kutafuta nao uwe unakubali nafasi hiyo katikati, maana mzazi ataiandika kama alivyoiona.

Lakini namba ipi? Malipo ya mama Neema yalikuwa na namba tatu: ya wakala, ya benki na ya stakabadhi yetu. Shule nyingine zinaweka zote tatu. Msifanye hivyo. Wekeni ile ambayo mtu wa dirishani akiiandika, malipo yanatokea. Nyingine mbili mfumo uzifunge nyuma yake. Na mwenye kuja na ujumbe tu, hata uwe mzuri namna gani, namba itafutwe kwenye mfumo kwanza. Ujumbe safi unaghushiwa kirahisi kama ujumbe mchafu. Tofauti ni kwamba namba iliyo wazi inachukua sekunde chache kuikagua.

Sasa mtaniambia, "Haya yote yataingia kwenye ujumbe mmoja?" Swali zuri. Ujumbe mfupi wa kawaida unabeba alama 160, na alama ni kila kitu: herufi, tarakimu, nafasi, nukta. Ukizidi hapo unakatwa vipande vya alama 153, kwa sababu sehemu kidogo inatumika kuviunganisha. Ule ujumbe wa mama Neema una alama 437. Vipande vitatu, sivyo?

Hapana. Ni saba.

Mwishoni kabisa, baada ya "kutuamini", kuna kistari kirefu. Mwandishi aliuandika ujumbe kwenye programu ya kuandikia barua, na programu ikamrefushia kistari. Kistari hicho hakimo katika zile herufi za kawaida za ujumbe wa simu. Alama moja ya namna hiyo ikiingia, ujumbe mzima unabadilishwa mfumo wa kuandikwa: badala ya 160 unabeba 70, na ukikatwa, kila kipande kinabeba 67. Alama 437 kwa 67, vipande saba. Tuseme kipande kimoja mnatozwa shilingi 20 na mna wazazi 600. Vipande saba ni shilingi 84,000 kila mnapowaandikia wote. Kipande kimoja ni shilingi 12,000. Emoji inafanya hivyo hivyo.

Na kuna mtego wa kwetu hasa. Majina yenye ng'. Mang'ula, Nyang'oro, na mengine mengi. Orodha ya wanafunzi ikiandikwa kwenye ile programu ya barua, kile kialama cha juu cha ng' kinapindwa, kinakuwa kama mkia. Kilichonyooka kimo katika herufi za kawaida, kilichopinda hakimo. Kwa hiyo kiolezo chenu kinaweza kuwa safi kabisa, na kwa watoto 590 kikaenda kipande kimoja, kisha kwa wale 10 wenye ng' kikakatika viwili. Watoa huduma wengine huvinyoosha wenyewe kabla ya kutuma, wengine hawafanyi. Nyoosheni wenyewe kwenye orodha, mara moja, mmalize.

Huu hapa ujumbe wa mama Neema nilivyouandika upya:

```
Tumepokea Sh 350,000, ada ya Neema Kidato 2.
Ililipwa: 29 Mac 2025, saa 10:20 jioni
Kumb: 2048 7316
Deni la muhula 1: Sh 450,000
```

Alama 128, pamoja na kushuka mistari. Kipande kimoja. Zinabaki 32.

Jina la shule halimo, kwa kuwa linaonekana juu kama jina la mtumaji, ingawa huko mna alama 11 tu, kwa hiyo chagueni ufupisho ambao wazazi wanautambua. Kila jambo lina mstari wake, na jina la jambo liko mwanzo wa mstari, jicho linashuka upande wa kushoto tu. Deni likiisha, msiandike "Deni: Sh 0". Andikeni "Ada ya muhula 1 imekamilika." Mzazi aliyejinyima anastahili kuisoma sentensi hiyo.

Mwalimu mkuu mmoja, mtu ninayemheshimu sana, aliupinga ujumbe huu. Alisema, "Hauna salamu. Sisi si watu wa kuingia nyumbani kwa mtu bila hodi." Nililifikiria neno lake kwa siku kadhaa, kwa kuwa lina ukweli. Jibu langu ni hili: zile alama 32 zimebaki. Mwisho wa ujumbe tunaweza kuweka "Asante, mzazi." Ni alama 15 pamoja na kushuka mstari. Shukrani inakaa mwisho, baada ya fedha kuhesabiwa, kama dirishani. Salamu ndefu mbele ya fedha ya mtu mwenye wasiwasi inamrefushia wasiwasi. Alikubali, kwa sharti "Asante" isiondolewe kamwe. Haijaondolewa. Shule nyingine wanapenda nafasi hiyo waweke simu ya mhasibu. Hilo nalo ni jema, ila vyote viwili havitaingia jina la mtoto likiwa refu.

Ndiyo, majina marefu. Msijaribu kiolezo kwa jina la Neema. Tafuteni kwenye daftari mtoto mwenye jina refu kuliko wote, mpeni kiasi cha milioni, tarehe yenye tarakimu mbili, saa 12:45 asubuhi. Ikiingia kwenye 160, wote wataingia.

Kisha mjaribu kwa mtu. Mpe mzazi yeyote simu yenye ujumbe, hesabu kimoyomoyo hadi tano, ichukue. Mwulize: kiasi gani, lini, namba inaanza na ngapi? Asipojibu mawili ya kwanza, ujumbe haujaiva. Na mkisharudi shuleni, sikilizeni simu za ofisini. Mzazi aliyetumiwa ujumbe akipiga kuuliza "imefika?", mwombeni awasomee neno lililomkwaza. Mimi neno "salio" nililijua kwa njia hiyo.

Basi naomba sote tutoe simu. Fungueni ujumbe wa mwisho ambao shule yako ilimtumia mzazi. Hesabu maneno kabla ya kiasi, uyaandike kwenye karatasi. Mwalimu hapo mbele, wa kwenu una mangapi?